Ombi la likizo la mtunza ghala lijibike kwa neno moja

Wafanyabiashara wa nafaka hulalamika kwamba watunza ghala wao huomba likizo wakati mbaya. Watunza ghala nao hulalamika kwamba maombi yao hukaa wiki nzima bila jibu, na likija jibu huwa ni swali. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ugomvi huu haitokani na ubahili wa tajiri wala uvivu wa mfanyakazi. Inatokana na barua ambayo msomaji wake hawezi kuijibu hata kama anataka.

Ninayo mbele yangu barua pepe ya mwaka 2025 kutoka kwa mtunza ghala wa mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa Makambako. Wote wawili wameniruhusu kuitumia, na majina nimeyaacha. Mfanyabiashara huyo ana ghala moja, stoo ndogo ya nyuma yenye mlango wake, na wafanyakazi wanne: mtunza ghala, karani wa mizani, dada wa ofisi anayelipa wakulima, na kijana mmoja wa kudumu wa kupakia na kupakua. Yeye mwenyewe wakati wa msimu hukaa zaidi Dar es Salaam, sokoni Tandale, akiuza kinachoshuka kutoka kwenye malori. Barua zake huzisoma kwenye simu, amesimama, huku dalali anamvuta mkono.

Jumatatu ya tarehe 16 Juni 2025 alipokea barua hii, yenye kichwa kisemacho "Likizo" na basi:

"Shikamoo bosi. Habari za huko Dar. Naomba kukujulisha kuwa nahitaji likizo yangu ya mwaka kwani tangu mwaka jana sijapumzika. Ningependa kwenda katikati ya mwezi wa saba kwa muda wa mwezi mmoja hivi, hadi tarehe 11 au 12 ya mwezi wa nane. Kuhusu kazi usiwe na wasiwasi, vijana wapo na watasaidiana. Mambo mengine nitawaelekeza kabla sijaondoka. Natanguliza shukrani."

Ni barua ya adabu, na ndiyo barua ambayo wengi wetu tungeiandika. Ilikaa siku 11 bila kujibiwa. Mtunza ghala alidhani amedharauliwa. Tajiri, kwa maelezo yake, aliisoma mara tatu na kila mara aliiweka kando "mpaka nikitulia", kwa sababu kila sentensi ilimtaka apige simu.

Tuanze na tarehe. "Katikati ya mwezi wa saba" inaweza kuwa tarehe 14, 15 au 16. "Mwezi mmoja hivi" unaweza kuwa siku 28, 30 au 31. Kwa Tanzania Bara jambo hili lina jibu katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya mwaka haipungui siku 28 mfululizo, na sikukuu ikiangukia humo inahesabiwa ndani. Maana yake Jumamosi na Jumapili nazo zimo. (Msomaji wa Kenya asiige hesabu hii. Sheria ya kwao ya mwaka 2007 inahesabu siku za kazi, zisizopungua 21.) Anayeondoka tarehe 14 Julai na kurudi tarehe 14 Agosti akidhani amechukua "mwezi wake" amezidisha siku tatu, na siku tatu hizo ndizo zitakazogombaniwa mwisho wa mwezi kwenye mshahara.

Kuna tatizo jingine ambalo ni letu wenyewe waandishi wa Kiswahili, nalo ni neno "hadi". Ukisema likizo ni hadi tarehe 11, je, tarehe 11 bado umepumzika au umesharudi kazini? Mwandishi anajua moyoni, msomaji hajui. Dawa yake ni kutaja siku tatu badala ya mbili: siku ya kwanza ya likizo, siku ya mwisho ya likizo, na siku ya kuripoti kazini. Kila tarehe iambatane na jina la siku, kwani ukikosea tarehe jina la siku litakusuta. Saa nazo ziandikwe na wakati wake, maana "saa 8" katika barua pepe mmoja ataisoma saa 8 mchana na mwingine ataisoma kama simu yake inavyoonyesha, yaani saa 2 asubuhi.

Tarehe lakini zina nafuu, kwani simu moja ingezimaliza. Kilichomfunga mikono tajiri ni maneno "vijana wapo na watasaidiana". Mwenye mali akisoma hivyo anasikia kwamba ufunguo utakuwa kwa kila mtu, kwa hiyo si kwa mtu. Mahindi yakipungua atamuuliza nani?

Hapa waombaji wengi wa likizo hukosea hata wanapojitahidi. Huandika "fulani atashika nafasi yangu" na kudhani wamemaliza. Katika kazi yenye watu wanne, kumtoa mtu mmoja na kumweka mwingine ni kulihamisha pengo tu. Mtu wa pekee aliyefaa kukaimu ghala ni karani wa mizani, anayejua kadi za ghala na hati za kutolea mzigo. Lakini akishika ghala, nani atapima? Na kama atapima na kushika ghala kwa pamoja, basi mtu anayesema gunia lina kilo 100 ndiye huyo huyo anayesema magunia yako mangapi, na tajiri amepoteza jicho la pili alilokuwa analilipia mshahara. Dada wa ofisi hafai kuwekwa mizanini kwa sababu hiyo hiyo: anayelipa asipime. Alibaki kijana wa kupakia, ambaye msimu uliotangulia alikwisha kushika mizani siku kadhaa karani alipougua. Jibu lilikuwepo ghalani siku zote. Halikuwemo katika barua.

Aidha, kukaimu kuna mipaka yake, nayo iandikwe. Kaimu aweza kupokea mahindi makavu na kutoa mzigo wenye hati iliyosainiwa. Je, aweza kupokea mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, ambacho ndicho kikomo cha kiwango cha Afrika Mashariki, kwa sababu mkulima amelia kwamba ametoka mbali? Aweza kutoa magunia 20 kwa mkopo kwa mteja wa siku zote? Barua isiposema, kaimu atajiamulia, ama atampigia simu aliye likizoni. Naye aliye likizoni si wa kupigiwa simu za kazi, kwani sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumfanyisha kazi mfanyakazi ndani ya likizo yake. Ndiyo maana sentensi ya "nitapatikana kwa simu muda wote", inayoonekana kuwa ya kiungwana, mimi ningeifuta. Inaficha kwamba hakuna mtu aliyekabidhiwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo barua ya kwanza ililifunika kabisa chini ya maneno "mambo mengine". Jumanne ya tarehe 8 Julai ilikuwa imepangwa kufukiza lundo lililoko stoo ya nyuma kwa vidonge vya fosfini, kuua wadudu. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi chini ya turubai. Gesi huua fukusi na dumuzi, na humuua binadamu vilevile. Kwenye joto siku 7 zaweza kutosha, lakini Makambako mwezi Julai ni baridi, na baridi hupunguza kasi ya gesi kutoka na ya wadudu kuivuta, kwa hiyo mtaalamu wa ufukizaji alikuwa amesema siku 10. Hesabu yake inafika Ijumaa ya tarehe 18 Julai. Mtunza ghala angekuwa amekwenda siku ya tano sasa. Kaimu asiyeambiwa chochote, akipokea lori lenye haraka tarehe 15, angefungua stoo ya nyuma na kuvuta turubai.

Sidhani kama mtunza ghala alikusudia kuficha. Yeye tarehe hizo alizijua kichwani kama anavyojua jina lake, na mtu hukumbuka kuandika yale anayoyahangaikia, si yale aliyoyazoea. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kutuma barua ni hili: katika siku hizi 28, ni kitu gani kitafikia tarehe yake mimi nisipokuwepo? Kwa ghala ni ufukizaji. Kwa duka la pembejeo ni mbegu zinazokaribia mwisho wa muda, ama deni la msambazaji linaloiva. Kwa kituo cha maziwa ni siku ya malipo ya wafugaji.

Ijumaa ya tarehe 27 Juni mtunza ghala, baada ya kukaa na karani na kijana wa kupakia, alituma barua ya pili. Naiweka hapa karibu yote:

"Yah: LIKIZO siku 28, Jumatatu 14 Julai hadi Jumapili 10 Agosti 2025. Naomba jibu kabla ya Ijumaa 4 Julai.

Shikamoo bosi. Naomba likizo yangu ya mwaka. Siku ya kwanza ni Jumatatu 14 Julai, siku ya mwisho ni Jumapili 10 Agosti, na nitaripoti kazini Jumatatu 11 Agosti saa 2 asubuhi. Nane Nane imo ndani ya hesabu.

Karani wa mizani amekubali kukaimu ghala, tulizungumza naye Jumatano 25 Juni. Mizani itashikwa na kijana wa kupakia, na kibarua mmoja wa kutwa atachukua kazi yake siku za lori. Malipo yabaki kwa dada wa ofisi kama sasa. Kaimu apokee mahindi makavu na kutoa mzigo wenye hati yako. Unyevu ukizidi 13.5, au mteja akiomba mkopo, akupigie wewe kwanza.

Makabidhiano ni Ijumaa 11 Julai saa 8 mchana. Tutahesabu magunia lundo kwa lundo na kulinganisha na kadi, tutaandika namba ya mwisho iliyotumika katika kila kitabu cha stakabadhi, tutajaribu mizani kwa jiwe la kilo 20, na nitamkabidhi funguo. Tutasaini nakala tatu na nitakutumia picha ya nakala yako.

Jambo la hatari: stoo ya nyuma itafukizwa Jumanne 8 Julai na haifunguliwi kabla ya Ijumaa 18 Julai. Ataifungua mtaalamu mwenyewe akiwa na kipimo cha gesi. Ufunguo wa stoo hiyo atakaa nao yeye, sitamwachia kaimu.

Kama tarehe hizi ni ngumu kwa sababu ya ununuzi, naweza kuanza Jumatatu 22 Septemba na kumaliza Jumapili 19 Oktoba, nikaripoti Jumatatu 20 Oktoba. Zaidi ya hapo itakuwa shida kwa kuwa mwaka wangu wa kazi uliisha 30 Aprili na miezi sita inaisha 31 Oktoba."

Barua hii ni ndefu kuliko ya kwanza, na bado ilisomwa haraka zaidi. Sababu ni kwamba aliyeshika simu Tandale anapata uamuzi wote katika kichwa cha habari, na yaliyobaki anayasoma ili kujiridhisha tu. Maelezo ya kwamba mwombaji amechoka na hajapumzika tangu mwaka jana yameondolewa. Likizo ya mwaka ni haki ya mfanyakazi, haihitaji kuombewa huruma, na mistari ile miwili ilikuwa imekaa mahali pa tarehe.

Aya ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Sheria inampa mwajiri nafasi ya kupanga likizo itachukuliwa lini, ila isipite miezi sita tangu mzunguko wa likizo uishe, isipokuwa mfanyakazi akiridhia na kazi ikilazimu, ndipo inaweza kufika miezi 12. Mfanyakazi anayetaja tarehe ya pili iliyomo ndani ya kikomo hicho anamwondolea tajiri njia ya kukaa kimya. Sasa hawezi kusema tu "msimu haujaisha". Itabidi achague mojawapo. Nami nawaambia wafanyabiashara wenzangu wa nafaka kwamba msiione hiyo kuwa ni jeuri. Mtu aliyekuhesabia tarehe mbili amekupunguzia kazi.

Kilichokosekana hata katika barua ya pili ni mshahara. Sheria inataka malipo ya kipindi cha likizo yatolewe kabla likizo haijaanza, na kwa mfanyabiashara ambaye mwezi Julai fedha zake zote zimelala kwenye magunia, taarifa ya wiki mbili inasaidia. Sentensi moja ilitosha: "Naomba malipo ya likizo yawe tayari Ijumaa 11 Julai."

Jibu lilikuja Jumamosi asubuhi, siku iliyofuata: "Nimekubali 14 Julai hadi 10 Agosti, kuripoti 11. Makabidhiano yawe Alhamisi 10, Ijumaa lori la Dar linapakia." Angalieni alivyorudia tarehe. Tajiri anayejibu "sawa" kwa barua yenye tarehe mbili za kuchagua amerudisha utata ule ule, na safari hii kosa ni lake.

Kuhamisha makabidhiano kwenda Alhamisi kulileta swali ambalo ni la kihesabu na lafaa kueleweka. Ukihesabu magunia Alhamisi na lori likapakia Ijumaa, hesabu uliyosaini haipo tena kabla likizo haijaanza. Walichofanya ni sahihi: funguo zilihama Alhamisi ile ile baada ya kuhesabu, na mzigo wa Ijumaa ulitolewa na kusainiwa na kaimu, mtunza ghala wa zamani akiwa amesimama pembeni bila kugusa kalamu. Siku ya kwanza ya kukaimu iwe siku ambayo mwenye kazi bado yupo. Hiyo ni faida ambayo makabidhiano ya jioni ya siku ya mwisho hayawezi kuitoa.

Hesabu ya Alhamisi ilionyesha lundo la pili lina upungufu wa magunia manne dhidi ya kadi. Walitafuta kwa saa nzima, wakakuta hati moja ya kutolea mzigo imesainiwa na haijaingizwa kwenye kadi. Ilikuwa ni kalamu tu. Lakini fikirini hesabu hiyo ingefanyika tarehe 11 Agosti badala ya 10 Julai. Magunia manne yangekuwa ya karani, ambaye hakuyaona yakitoka, na hakuna ambaye angekumbuka kwenda kutafuta hati ya mwezi Juni.

Zipo kazi ambazo barua kama hii haiziokoi. Duka lenye mwenye duka na msaidizi mmoja halina wa kukaimu, na kuandika jina la shemeji asiyejua bei ya mbolea ni kujidanganya. Hapo barua iseme wazi kwamba hakuna wa kushika nafasi, na ipendekeze mwenye duka akae mwenyewe siku hizo, au duka lifungue nusu siku, au likizo isogezwe kwenye miezi ambayo wakulima hawanunui. Tajiri atakasirika kidogo, lakini atakuwa anaamua juu ya jambo la kweli. Vilevile barua isitumwe siku tatu kabla ya kuondoka. Ya Makambako ilitumwa ya kwanza ikiwa zimebaki wiki nne kamili, na ndizo zilizofanya kuwepo na muda wa kuandika ya pili.

Tarehe 11 Agosti saa 2 asubuhi waliketi tena na fomu ile ile, safari hii karani akiwa upande wa kukabidhi. Alikuwa ameongeza safu moja kwa mkono wake, ya mahindi aliyoyakataa kwa unyevu na majina ya wakulima walioyaleta, kwa sababu wawili kati yao walikuwa wameahidi kuyaanika na kuyarudisha wiki hiyo.